Sembe Iliyofungwa Mkanda

Alhamisi moja ya mwezi wa 7, hapa kwetu Mwanga, Kigoma, nilirudi kazini nikakuta sisimizi wamejipanga mstari kutoka kwenye ufa wa ukuta wa sebule hadi kwenye kiti cha gari cha mtoto. Mstari wa pili ulikuwa unarudi, kila mmoja na chembe yake ya biskuti kichwani kama wanatoka gulioni. Mke wangu aliwatazama wao, kisha akanitazama mimi.

"Baba watoto, Jumamosi tunakwenda Kasulu harusini. Mwanangu hapandi kwenye kichuguu hicho."

Hakuwa amekosea. Binti yetu ana miezi 14, na kwake biskuti huliwa nusu, nusu nyingine husagwa kwa kiganja na kunyunyiziwa maziwa. Kigari chake, kiti chake cha gari na trei yake ya kulia vyote vilikuwa na gamba moja la njano lililokauka likawa kama lipu. Nikajitolea kuosha vyote kabla ya kulala. Mama mkwe, aliyekuja kutoka Ujiji kututembelea na kidumu chake cha mawese, alisogeza kigoda akakaa kunitazama.

Nilianza na trei, na kwenye trei sikufanya kosa. Gamba la maziwa kwenye plastiki halikwanguliwi kwa kisu, maana kila mchirizi unaoachwa na kisu unakuwa shimo jipya la kuhifadhia maziwa ya kesho. Linalainishwa kwanza. Nilichukua taulo kuukuu, nikalilowesha kwa maji ya vuguvugu yenye sabuni kidogo ya kuoshea vyombo, nikalilaza juu ya trei dakika 20. Nilipolifunua, gamba lilitoka kwa ukingo wa mwiko wa mbao, vipande vizima. Kisha nikaigeuza trei. Huko chini ndiko kwenye uchafu wenyewe: kwenye vijia ambamo trei huteleza inapoingia kwenye kiti, na kwenye pembe za vibanio vyake. Mswaki wa zamani na kijiti cha kuchokolea meno vilitoa humo uji mweusi ambao mama mkwe aliuita jina ambalo sitaliandika. Nikasuuza, nikakausha, nikanusa. Trei ikikauka na bado inanuka uchachu, kuna maziwa mahali hujapafikia. Yangu haikunuka chochote.

Sifa zikanipanda kichwani. Nikabandika birika jikoni.

Kigari nilikiendea kama mtu anayenyonyoa kuku. Nilikivua kitambaa chake, nikakiweka kwenye beseni na makombo yake yote, nikamwagia maji yaliyochemka. Makosa mawili kwa mmwago mmoja. La kwanza, makombo makavu hutolewa yakiwa makavu: kitambaa hukung'utwa nje, mishono ikafagiliwa kwa brashi, ndipo maji yaje. Biskuti ni unga na sukari. Ukiimwagia maji ya moto umepika uji, na uji huo unazama kwenye mishono na kukaukia humo. La pili lilikuwa baya zaidi. Protini ya maziwa ikikutana na maji ya moto huganda kwenye nyuzi kama yai kwenye kikaango. Doa ambalo lingetoka kwa maji baridi na subira sasa lilikuwa limepikwa, na nyumba nzima ikanuka kama kibuyu cha mtindi kilichosahauliwa juani.

"Baba," mama mkwe akaniita kwa upole, "unaosha au unapika?"

Nikabadilisha. Maji baridi kwanza, nusu saa. Kisha kijiko kimoja cha sabuni ya maji kwenye lita moja ya maji ya vuguvugu, brashi laini, nikisugua kutoka ukingo wa doa kwenda katikati ili lisitambae. Mara tatu. Harufu iliondoka. Doa lenyewe lilipungua likabaki mstari mrefu mwembamba katikati ya kitambaa, umbo lile lile la Ziwa Tanganyika kwenye ramani. Bado lipo. Wageni huuliza kama tulinunua hivyo.

Kikabaki kiti cha gari. Hiki tulikinunua mtumba, na maandishi yake yote ni ya Kijapani, lakini kitambaa chake kilikuwa na lebo ya michoro: beseni lenye mkono ndani yake, pembetatu iliyokatwa, pasi iliyokatwa. Maana yake osha kwa mkono, usitie jiki, usipige pasi. Hapo nilielewa. Kwa hiyo kitambaa nilikivua, safari hii nikikikung'uta kwanza nje, nikakiosha kwa maji ya vuguvugu kwenye beseni.

Kisha nikaishika mikanda ili niitumbukize humo humo, kwa sababu ilikuwa imekakamaa kwa maziwa kiasi kwamba ilisimama yenyewe. Mke wangu ndiye aliyenizuia.

"Hiyo si nguo," alisema. "Hiyo ndiyo inayomshika mtoto gari likigonga. Mikanda inafutwa, hailowekwi."

Ana haki. Mkanda ni utepe uliofumwa kubeba mzigo mzito kwa ghafla. Kuuloweka, kuuchemsha, kuutia jiki au kuusukuma kwenye mashine ya kufulia kunaweza kudhoofisha nyuzi au kubadilisha mvutano wake, na ubaya wake ni kwamba kwa macho huoni chochote: mkanda uliochoka unaweza kung'aa sawa na ulio mzima. Kinachotakiwa ni kitambaa kilicholoweshwa kwa maji ya vuguvugu na sabuni laini kidogo kisha kikakamuliwa, ukifuta kwa kufuata urefu wa mkanda. Gamba gumu unaliwekea kitambaa kibichi dakika tano, unafuta tena. Halafu kitambaa kingine chenye maji matupu cha kutoa sabuni, na mkanda unaachwa ukauke kivulini ukiwa umenyooshwa. Ilinichukua saa nzima na vitambaa vinne. Upande wa chini wa mkanda ndio ulionishangaza. Nilidhani ni wa kijivu, kumbe ni mweusi.

Kilichonishinda ni kifungio. Hicho cha katikati ya miguu, chenye kitufe chekundu, ambamo ndimi mbili za chuma huingia na kulia "tak". Chetu hakikulia. Ukisukuma ndimi, zinaingia nusu, zinasita. Hili halikuwa kosa langu. Makombo yalikuwa yamejaa chini ya tundu, na ulimi usipofika mwisho, komeo la ndani haliwezi kuushika sawasawa. Ilikuwa saa 5 usiku. Nikasema nitakimaliza asubuhi, nikaenda kulala.

Mama mkwe hakulala. Kwa mtu aliyeuza mawese Ujiji maisha yake yote, hakuna kilichokwama duniani ambacho mawese hayakilegezi. Alinimiminia kijiko kizima ndani ya kifungio.

Asubuhi nilipata taarifa njema. "Mwanangu, nimekutengenezea. Sikiliza." Akasukuma ndimi. TAK! Safi kabisa. Nikamshukuru sana. Kiti nikakirudishia kitambaa na mikanda, na ili nione kama mikanda inakaa sawa, nikatafuta kitu chenye uzito wa mtoto. Jikoni kulikuwa na mfuko wa sembe wa kilo 10, ambao tulikuwa tumeufungua juzi yake tu. Nikauketisha. Nikaupitishia mikanda mabegani, nikaukaza mpaka vidole vyangu vikashindwa kuufinya mkunjo mkanda begani, ndivyo inavyotakiwa kuwa kwa mtoto. Tak! Ulikaa vizuri kuliko binti yetu anavyokaaga.

Kisha nikabonyeza kitufe chekundu.

Kikaingia. Hakikurudi. Ndimi hazikutoka. Nikabonyeza kwa gumba mbili, kisha kwa kisigino cha kiganja. Mawese usiku wa mwezi wa 7, baridi ikishuka, huganda nusu yakawa kama krimu, na yale yalikuwa yameyakusanya makombo yote yaliyokuwa yakielea ndani, yakayakandika kuzunguka komeo na springi. Hiyo ndiyo sababu kifungio hakitiwi mafuta ya aina yoyote, yawe ya kula, ya cherehani au ya baiskeli. Mafuta hulegeza kwa saa chache, halafu hugeuka gundi ya kukamatia vumbi.

Mchana ulipofika, sembe ilikuwa bado imekaa. Hakukuwa na unga mwingine ndani. Nilikuta mama mkwe amepiga magoti mbele ya kiti cha gari, anachota unga kwa kikombe kutoka kwenye mdomo wa mfuko, taratibu, kama anayemnywesha mgonjwa uji. Jirani alichungulia dirishani, akatazama muda, akasema, "Mnakwenda nayo wapi?"

Jioni mfuko ulipungua vya kutosha tukauchomoa. Tukakigeuza kiti juu chini. Mkanda wa katikati kwa viti vingi umeshikwa na kipande bapa cha chuma kwenye upande wa chini wa ganda. Unakilaza ubavu, unakipitisha kwenye tundu, kifungio kinatoka chote. (Piga picha kabla, vinginevyo utakaa unakisia kilipitia tundu lipi.) Nikakielekeza mdomo chini, nikakipuliza kwa pampu ya baiskeli. Kifungio kikielekezwa mdomo juu, pampu inayasukuma makombo ndani zaidi. Kisha nikakitumbukiza kifungio pekee, bila mkanda, kwenye kikombe cha maji ya moto ya kuvumilika mkononi, nikawa nabonyeza na kuachia kitufe. Mviringo wa rangi ya machungwa ukapanda juu ya maji, na nyuma yake biskuti. Nikabadilisha maji mara saba, mpaka hakuna hata kiwaa cha mafuta. Nikakiacha kikauke mpaka kesho yake.

Nikakijaribu mara 20. Mara 18 kililia. Mara mbili kiliukubali ulimi kimya, na nilipouvuta ukatoka mkononi mwangu.

Mke wangu aliketi, akakijaribu mwenyewe mara 20, kikamshinda mara tatu. "Mara 17 haimfungi mtoto," alisema, akapiga simu Kasulu kuomba radhi. Kifungio kipya cha aina hiyo hiyo hakipatikani hapa mjini, na cha kiti cha aina nyingine hakipachikwi humo hata kama kinaonekana sawa. Shemeji yuko Dar es Salaam anatutafutia, tumempelekea picha ya namba iliyochapwa kwenye ganda.

Mpaka kifike, kiti kimehamia jikoni, kona ya kulia ya mlango. Sembe inakaa humo. Sisimizi hawaifikii, na mama mkwe kila akimaliza kuchota huurudisha mkanda begani mwa mfuko na kuukaza kidogo.