Tairi la 600 si lazima lidumu mara mbili ya tairi la 300

Ukiinama kando ya gari dogo lenye matairi yaliyotengenezwa kwa ajili ya soko la Marekani, au kwa masoko kadhaa kwa pamoja, utakuta ubavuni maandishi yanayofanana na haya: TREADWEAR 400 TRACTION A TEMPERATURE A. La kwanza ni daraja la kulika kwa meno ya tairi, la pili ni la kushika barabara, la tatu ni la kustahimili joto. Wauzaji wengi hulitumia lile la kwanza kama hoja ya kumalizia biashara: hili ni 300, lile ni 600, kwa hiyo lile la pili litadumu mara mbili na bei yake ya juu inajilipa yenyewe. Maoni yangu ni kwamba hesabu hiyo haina msingi, na sababu zake zimo katika namna namba yenyewe inavyopatikana.

Madaraja haya matatu ni matakwa ya sheria ya Marekani, na yanasimamiwa na mamlaka ya usalama barabarani ya nchi hiyo, NHTSA. Yalianza kutumika mwishoni mwa miaka ya 1970 kwa matairi ya magari madogo ya abiria. Matairi ya theluji, matairi ya akiba yale membamba ya muda, na matairi ya ringi ya inchi 12 kushuka chini hayahusiki, na ndiyo sababu tairi zuri kabisa linaweza kukosa maandishi hayo. Kukosekana kwake si dalili ya ubovu.

Kipimo cha kulika hufanyika barabarani, si maabara. Karibu na mji wa San Angelo, jimbo la Texas, kuna mzunguko wa barabara za kawaida wenye urefu wa takriban kilomita 640. Magari yasiyozidi manne hutembea kwa msafara, mojawapo likiwa limevaa matairi ya kulinganishia ambayo tabia yake inajulikana, ili mvua, jua na hali ya lami ya siku hiyo viyaguse matairi yote kwa pamoja. Kwanza hutembea kilomita 1,300 hivi za kuyazoesha matairi, kisha kina cha meno hupimwa, halafu safari ya takriban kilomita 10,300 hufuata, huku kina kikipimwa tena na tena njiani. Hapo kipimo huishia. Tairi halikimbizwi mpaka liwe kipara. Maisha yake yaliyobaki hukadiriwa kwa kuuvuta mstari wa kulika mpaka kwenye kina cha milimita 1.6, ambacho huhesabiwa kuwa ndio mwisho wa tairi.

Tuchukue mfano wa kubuni ili uzito wa jambo hili uonekane. Tairi lina meno ya milimita 8 baada ya kuzoeshwa, kwa hiyo lina milimita 6.4 za kulika. Katika kilomita 10,300 limepoteza nusu milimita. Ukigawa 6.4 kwa 0.5 unapata 12.8, na ukizidisha kwa 10,300 na kuongeza zile kilomita za mwanzo unapata maisha ya kilomita 133,000 hivi. Daraja la 100 linawakilisha maili 30,000 katika mzunguko huo, yaani kilomita 48,000 na ushei, kwa hiyo tairi letu linapata 275, na kwa kuwa madaraja huandikwa kwa hatua za ishirini ishirini, mtengenezaji ataandika 260. Sasa tuseme kulika hakukuwa milimita 0.50 bali 0.45. Tofauti ni sehemu ya ishirini ya milimita, ndogo kuliko unene wa karatasi ya kawaida ya kuandikia. Hesabu ileile inatoa takriban kilomita 148,000, na daraja linapanda hadi 300. Katika msafara halisi hupimwa sehemu nyingi za kila tairi na wastani kuchukuliwa, jambo linalopunguza makosa, lakini mfano unaonyesha jinsi kipande kidogo cha safari kinavyobebeshwa makadirio ya maisha yote ya tairi.

Hesabu hiyohiyo inafichua jambo lingine. Daraja la 600, likisomwa moja kwa moja, lingekuwa maili 180,000, karibu kilomita 290,000. Hakuna muuzaji mwenye akili timamu atakayekuahidi umbali huo, na watengenezaji wenyewe hutoa dhamana za umbali ulio chini sana ya huo kwa matairi ya daraja hilo. Dereva wa kawaida hupiga breki kwenye foleni, hukata kona, hupanda matuta, huacha upepo ushuke wiki kadhaa, na huendesha gari ambalo magurudumu yake hayajapangwa sawa tangu lilipoangukia shimo la mwisho. Magari ya San Angelo yamerekebishwa kabla ya kuondoka, na matairi hubadilishwa nafasi kwa ratiba. Maelezo ambayo sheria inataka mnunuzi apewe yanakiri hivyo: yanasema tairi la 150 hudumu mara moja na nusu kuliko la 100 katika barabara ile ya serikali. Maneno hayo ya mwisho ndiyo yanayoachwa dukani.

Hata hivyo hoja kubwa kwangu si barabara, bali ni nani anayeandika namba. Si serikali inayolipangia tairi daraja; ni mtengenezaji mwenyewe, kwa vipimo vyake au vya kampuni aliyoikodi. Mamlaka ina uwezo wa kununua tairi sokoni, kulipima na kumtaka mtengenezaji ajieleze, lakini kinachokatazwa ni kuandika daraja lililo juu ya uwezo wa tairi. Kuandika daraja la chini ni ruhusa. Kampuni yenye matairi ya bei tatu inaweza kulishusha daraja la tairi lake la bei nafuu ili lisishindane na la bei ghali, na kampuni jirani ikaandika kila alichokipata mpimaji mpaka hatua ya mwisho. Ukiyaweka matairi ya kampuni hizo mbili bega kwa bega, 400 na 500, huwezi kujua kama umelinganisha mpira na mpira au tabia ya ofisi moja ya masoko na tabia ya nyingine.

Mfano ulio wazi zaidi unatoka kwenye mashindano ya magari huko Marekani. Chama cha SCCA, katika baadhi ya madaraja yake ya mashindano ya kukata kona kwa muda, huruhusu tu matairi ya barabarani yenye daraja la kulika lisilopungua 200, kwa nia ya kuyazuia matairi laini ya mbio. Kilichofuata ni watengenezaji kubuni matairi laini, yanayonata sana, yaliyoandikwa 200 ubavuni. Madereva wa mashindano hayo wanajua vizuri kwamba matairi mawili ya 200 yanaweza kutofautiana sana katika kulika, na huchagua kwa matokeo ya uwanjani, si kwa namba.

Basi namba hiyo ina faida gani? Ninaitumia kwa jambo moja: kulinganisha matairi ya kampuni moja, ya aina moja na ya kizazi kimoja. Kampuni ikiwa na tairi la safari ndefu la 700 na tairi la mwendo kasi la 300, tofauti hiyo ina maana, kwa sababu aliyepima na aliyeandika ni mmoja. Wala usidhani 700 hiyo imekuja bure, kwani mpira mgumu usiolika upesi mara nyingi hupoteza kwa upande wa kushika lami yenye maji, ingawa michanganyiko ya kisasa imepunguza sana gharama hiyo.

Hapo ndipo daraja la pili linapoingia, nalo huandikwa AA, A, B au C. Tairi huvutwa kwa trela maalumu kwa mwendo wa kilomita 65 hivi kwa saa juu ya lami iliyoloweshwa na juu ya zege lililoloweshwa, kisha gurudumu hufungwa kabisa na nguvu ya msuguano hupimwa likiwa linaburuzwa. Hilo tu. Kona haimo, kuongeza mwendo haimo, na hatari ya tairi kuelea juu ya maji haimo, wala ule msuguano wa juu kabisa unaopatikana muda mfupi kabla ya gurudumu kufunga. Magari yenye breki za ABS yameundwa ili yafanye kazi karibu na kilele hicho na yasiburuze gurudumu, kwa hiyo daraja linapima hali ambayo gari la kisasa linajitahidi kuikwepa. Lebo ya Umoja wa Ulaya hupima kushika barabara yenye maji kwa njia iliyo karibu zaidi na breki za leo, na kwa jambo hilo naiona bora, ingawa haisemi lolote juu ya kulika. Kwa kuwa matairi mengi madukani ni A, herufi hii inakufaa zaidi kama kizingiti: B naitilia shaka, C siinunui.

Daraja la joto lina herufi tatu. Tairi huzungushwa maabara juu ya gurudumu la chuma na mwendo huongezwa kila nusu saa. C ni kiwango ambacho kila tairi la gari la abiria nchini humo lazima likifikie. B hustahimili angalau kilomita 160 kwa saa. A hufika 185. Wengi husoma A kama kinga ya tairi kupasuka njiani, na hapo ndipo herufi hii inapoweza kumdhuru mtu. Kipimo hufanywa tairi likiwa na upepo sahihi na mzigo usiozidi. Joto la tairi hutokana na ubavu kukunjwa na kukunjuliwa kila linapozunguka, na upepo ukipungua ubavu hukunjwa zaidi. Gari lenye watu saba mahali pa watano, mizigo juu na upepo pungufu, likienda kilomita 100 kwa saa mchana kati ya Chalinze na Morogoro, limekwisha kutoka nje ya masharti ya herufi hiyo, iwe A au C.

Kwa anayetaka kujua tairi litadumu kiasi gani, dhamana ya umbali ina uzito kuliko daraja, kwa sababu mtengenezaji akikosea analipa. Kwa kawaida hulipa sehemu tu: dhamana ya kilomita 96,000, tairi likaisha kwenye 72,000, maana yake ni punguzo la robo ya bei unaponunua tairi jingine, tena ukiwa na kumbukumbu za kubadilisha matairi nafasi. Mnunuzi wa Dar es Salaam au Mombasa aulize kabla ya kulipa kama dhamana iliyotangazwa Marekani inatambuliwa na duka lililo mbele yake, na jibu liandikwe kwenye risiti.