Cheti kimeekspaya? Andika tarehe, acha "mchakato"

Kuna sentensi moja kwenye barua za kuomba kazi inanichosha: "cheti changu kipo kwenye mchakato wa kuhuishwa". Mchakato gani sasa? Afisa ajira akisoma hivyo hajui kama umeshalipia kozi au ndo kwanza unawaza kuitafuta, na ana barua nyingine kibao mezani.

Chukua nesi mwenye kadi ya BLS, yaani mafunzo ya msingi ya kuokoa maisha, ya Chama cha Moyo cha Marekani (AHA). Kadi hiyo inadumu miaka 2 na inaisha mwisho wa mwezi, kwa hiyo tuseme yake iliisha 31 Machi na kazi imetangazwa Mei. Akisoma kwa njia ya mseto kuna hatua 2, ya kwanza unamaliza masomo mtandaoni unapewa cheti cha sehemu hiyo, halafu unakipeleka kwa mkufunzi unapimwa kwa vitendo, unashindilia kifua cha mdoli wa mtu mzima na wa mtoto mchanga. Hapa ndo wengi wanaharibu, mtu kamaliza ya mtandaoni tu anaandika "nimeshamaliza kozi", wakati bila vitendo hakuna kadi kabisa, na kadi za AHA zinahakikiwa mtandaoni kwa namba yake, yaani ni dakika tu umeumbuka.

Mimi ningeandika hivi:

"Kadi yangu ya BLS iliisha muda tarehe 31 Machi. Nimemaliza sehemu ya mtandaoni tarehe 6 Mei, na kipimo cha vitendo kimepangwa tarehe 24 Mei. Cheti cha sehemu ya kwanza na uthibitisho wa nafasi yangu nimeviambatanisha. Nitawatumia kadi mpya mara itakapotolewa. Leseni yangu ya uuguzi iko hai."

Basi. Hiyo sentensi ya leseni usiiache, manake msomaji mwenye haraka akiona tu "iliisha muda" anaweza kudhani ni leseni ndo imekufa, na hilo ni balaa jingine kabisa. Halafu ona hajaahidi siku ya kupata kadi, kasema siku ya kipimo, kwa sababu kadi inaweza isitoke siku hiyohiyo na kuna kufeli pia.

Sababu za kuchelewa mi sizitaki humo. Wengine watasema kukaa kimya kunaleta maswali, sawa, wakiuliza kwenye usaili utajibu, ila kwenye barua maelezo ya likizo na ugonjwa yanakuza kitu kidogo. Aya yenyewe ikae baada ya ile ya uzoefu wako, usifungulie nayo barua. Na kwenye sivii andika vilevile "iliisha Machi, kipimo 24 Mei", maana ukiiacha pale kama kadi hai huku barua inasema nyingine, ataamini ipi?