Mbwa mwitu wa Cabrera si mbwa mwitu wa Islas

"Je, ni kweli Wahispania waliwagawa watu wa Meksiko katika matabaka 16 ya damu, na kila mtu alijua la kwake?"

Anayeuliza hivi, mara nyingi picha zimemtangulia. Ni seti za turubai, kwa kawaida 16, na katika kila moja wamo baba, mama na mtoto, pamoja na maandishi kama haya: kwa Mhispania na mwenyeji wa asili wa Amerika huzaliwa mestizo. Wachoraji wa Hispania Mpya, yaani Meksiko ya wakati huo, walizitengeneza kuanzia miaka ya 1710 hadi mwisho wa karne ile, na seti zinazojulikana leo zimepita 100. Kwa kuwa zina namba, macho huzisoma kama jedwali la sheria.

Ziweke seti mbili ubavu kwa ubavu, uone jedwali hilo linavyoachana. Miguel Cabrera alichora yake mwaka 1763, Andrés de Islas akachora yake mwaka 1774. Wote wawili wana tabaka linaloitwa lobo, maana yake mbwa mwitu. Kwa Islas, lobo ni mtoto wa mwenyeji na mwanamke Mwafrika, nusu kwa nusu. Kwa Cabrera, Mwafrika na mwenyeji wanazaa kwanza "mchina kambuha" (Uchina haumo humo hata kidogo), na lobo anapatikana pale mchina kambuho anapozaa na mwenyeji tena. Lobo huyo ana robo moja tu ya Uafrika. Mchina naye, ukirudi kwa Islas, ni mtoto wa lobo na Mwafrika, kwa hiyo robo tatu za damu yake ni za Kiafrika. Miaka 11 imepita kati ya seti hizo, majina ni yale yale, watu ni wengine.

Sababu si uzembe wa wachoraji. Hakukuwa na orodha rasmi ya kunakili. Sheria za mfalme zilitaja makundi machache tu, hasa Wahispania, wenyeji, Waafrika, mamestizo na mamulato, yaani watoto wa Mhispania na Mwafrika. Mchoraji aliyetakiwa kujaza turubai 16 aliishiwa na maneno ya mahakama kabla hajafika nusu, akaokota majina ya rangi za wanyama na mizaha ya mtaani: koyote, barsino, "kaa hewani", hata "sikuelewi" katika baadhi ya seti. Wateja wakubwa hawakuwa makarani waliohitaji mwongozo. Walikuwa maofisa waliorudi Uhispania na zawadi ya kuonyesha ajabu za Amerika. Mwaka 1770 Manuel Amat, makamu wa mfalme huko Peru, alituma Madrid seti ya turubai 20 kwa ajili ya hazina ya mambo ya asili, mahali pa kuhifadhia ndege waliokaushwa na mawe ya madini. Hiyo ndiyo seti pekee ya Peru inayojulikana, ingawa huko nako matabaka yalikuwapo. Na mwaka 1746, padri wa Puebla aitwaye Andrés de Arce y Miranda alikuwa ameshalalamika kwamba picha za namna hii zinapeleka Uhispania yale yanayowaaibisha watu wa Meksiko na kuacha yanayowapa heshima.

Ukitaka kujua watu waliitwaje kweli, fungua vitabu vya parokia. Parokia nyingi za mijini zilikuwa na kitabu cha Wahispania, cha wenyeji, na kimoja cha "kasta", ambamo waliobaki wote waliingia. Mtoto akiletwa kubatizwa, padri humtazama, huwauliza wazazi au wasimamizi wa ubatizo, kisha huandika. Hakuna aliyehesabu mababu. Neno walilotumia lilikuwa kalidad, hadhi ya mtu, na ndani yake mlikuwa rangi, mavazi, kazi, ndoa na sifa ya mtu kwa majirani. Ndiyo maana mtu yule yule huonekana mulato siku ya ubatizo na mestizo siku ya ndoa. Kuhama huko kulikuwa na faida ya fedha: mulato huru alidaiwa kodi ya kichwa, mestizo hakudaiwa. Mtafiti anayejenga takwimu juu ya ubatizo pekee huhesabu watu ambao baadaye walibadilika, na huligundua kosa lake pale tu anapolifuata jina moja hadi kwenye kitabu cha ndoa na cha mazishi.

Wapo wanaovuta hoja hii mbali zaidi, wakasema matabaka yalikuwa mchezo wa maneno tu. Hapo hapana. Amri ya ndoa iliyoletwa Amerika mwaka 1778 iliwapa wazazi nguvu ya kuzuia ndoa ya mtoto wao na mtu asiyelingana naye, na kesi zikajaa mashahidi wa kuapa nani alijulikana kuwa nani. Mwaka 1795 mfalme alitangaza bei: reali 500 kumwondolea mtu doa la kuwa pardo, yaani mwenye asili ya Kiafrika. Mwaka uliofuata baraza la mji wa Karakas, huko Venezuela, lilipinga kwa hasira. Watu hawapigani hivyo juu ya mpaka usiokuwapo.

Na zipo hesabu ambazo picha zenyewe zinazitoa bila aibu. Fuata mstari wa kwanza. Mhispania na mwenyeji wanazaa mestizo, nusu. Mestizo akizaa na Mhispania, mtoto ni kastizo, robo. Kastizo akizaa na Mhispania, mtoto ni Mhispania kamili, ingawa thumuni ya damu yake ni ya mwenyeji. Vizazi vitatu, mlango umefunguka. Sasa fuata mstari wa pili, nao kila mara mzazi mmoja ni Mhispania: mulato nusu, morisko robo, albino thumuni. Kwa kipimo cha mstari wa kwanza huyu wa tatu angekuwa Mhispania. Badala yake anazaa na Mhispania mara moja zaidi, na mtoto anatokea mweusi kuliko wazazi wake wote wawili. Jina lake ni torna atras, "rudi nyuma". Ana sehemu moja tu kati ya 16.

Kwenye mistari hii Cabrera na Islas, walioshindwa kukubaliana juu ya lobo, wanakubaliana jina kwa jina, tena kwa namba zile zile, 1 hadi 7. Islas anaongeza la kwake katika namba 4: ndani ya jiko mwanamke Mwafrika amemkamata Mhispania nywele huku ameinua kifaa cha jikoni kumpiga, na binti yao anavuta sketi ya mama. Kwa hiyo picha hizi ni shahidi mbaya wa jinsi watu walivyoitwa, lakini ni shahidi mzuri wa walichokiogopa walioziagiza.

Tarehe 17 Septemba 1822 Meksiko huru ilikataza kuandika asili ya mtu kwenye vitabu vya parokia. Neno la aibu likafutwa, na pamoja nalo ikakatika njia ya kuwafuatilia wazao wa Waafrika kwenye kumbukumbu. Sensa ya kwanza ya taifa kuwauliza watu kama wanajitambua hivyo ilikuja mwaka 2020, na zaidi ya watu milioni 2.5 wakajibu ndiyo.