MP Atamlipa MP

Kosa langu lilikuwa uvivu wa kuandika neno "Mpangishaji". Ukiliandika mara 40 katika mkataba mmoja wa pango, vidole vinaanza kulalamika. Basi kifungu cha 1 nikaweka kwa adabu zote: Mpangishaji, "ambaye katika mkataba huu ataitwa MP". Mpangaji nikampa MG. Nikajiona nimemaliza.

Nikaenda kula. Niliporudi nilianzia kifungu cha 6, na tumbo likishajaa kumbukumbu hulala. Huko mpangaji naye nikamwita MP.

Siku ya kutia saini, bosi wangu akawasomea wahusika kwa sauti. Tulikwenda vizuri hadi kifungu cha 9: "MP atamlipa MP dhamana ya miezi 2, na MP atairudisha kwa MP ndani ya siku 30 baada ya MP kuhama."

Kimya. Mwenye nyumba akavua miwani. "Samahani wakili, hapo anayehama ni mimi?"

"Hapana, mzee."

"Maana nyumba ni yangu."

Bosi akanitazama. "Kijana, karekebishe. Dakika 10."

Nikakimbilia kompyuta. Tafuta MP, weka Mpangaji, badilisha zote. Sikuweka alama ya kuzingatia herufi kubwa na ndogo, wala ya neno zima. Nikachapa, nikarudi natabasamu. Bosi akasoma mstari wa kwanza: "Mkataba huu ni kati ya kaMpangajiuni..." Akanyamaza. Chini yake mpaka wa kiwanja ulikuwa Mpangajiaka, na Mpangaji mwenyewe alikuwa Mpangajiangaji.

Hata ningeweka alama zote mbili, nisingepona. Kompyuta inaona herufi mbili tu, haijui MP huyu ni yupi. MP wote wa vifungu vya mwanzo, ambao ni mwenye nyumba, wangegeuka wapangaji, na nyumba ingebaki haina mwenyewe.

Nikarudi kwenye nakala ya awali. Nilitafuta MP mmoja mmoja, na kila nilipomkuta nilijiuliza: huyu anafanya nini? Anayelipa kodi ni Mpangaji. Anayekarabati paa ni Mwenye Nyumba, jina nililolichagua makusudi kwa sababu halifanani na mwenzake hata kwa mbali. Kila jina nikalieleza mara moja, pale linapotokea mara ya kwanza, ndani ya alama za kunukuu, kisha nikaliandika vilevile hadi mwisho. Nilipomaliza nilitafuta tena MP na MG, neno zima, nipate sifuri.

Nikapata moja. Kifungu cha 12: "MP anaweza kuvunja mkataba wakati wowote kwa notisi ya mwezi 1." Kitendo hiki kinaweza kufanywa na yeyote. Nikarudi chumbani, nikawauliza wahusika kwa unyenyekevu: jamani, katika makubaliano yenu, MP wa hapa ni nani?

Wote wawili wakanyoosha mkono.