Mkataba mzima, kipengele kimoja nje

"Ukishasaini umesaini. Tanzania inachaguaje vipengele vya mkataba wa wakimbizi?"

Ndugu, inawezekana, na ilishafanyika. Sisi wa Kasulu tunaoishi jirani na kambi ya Nyarugusu tunaujua mkataba huo kwa matokeo yake, maandishi hatuyafungui. Tanzania ilipojiunga mwaka 1968 na Itifaki ya Wakimbizi ya 1967, inayoupanua Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, ilitamka kwamba kifungu cha nne hakitaihusu bila ridhaa ya wazi ya serikali. Kifungu hicho kinairuhusu nchi mwanachama kuipeleka nyingine kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Haki kule The Hague. Kwa hiyo hakuna nchi inayoweza kukitumia kutuburuza huko tusipokubali. Ila panga hilo linakata kuwili: nasi tukiishtaki nchi nyingine kwa kifungu hicho, inaweza kutujibu kwa tamko letu wenyewe.

Tamko hutolewa wakati wa kujiunga. Kulifuta ni wakati wowote, kwa barua kwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa.

Wanaosema tujiondoe hivyohivyo kwenye katazo la kumrudisha mkimbizi kwenye hatari, hapo hapana. Hicho ni kifungu cha 33 cha Mkataba wa 1951, na itifaki yenyewe imekitaja miongoni mwa visivyoruhusiwa kuwekwa kando.