Kuzungusha mti mara moja: mpangilio unabaki, kimo si lazima kipungue

“Namba za stakabadhi za kahawa zinaingia kwenye mti wetu kwa kufuatana. Tukizungusha, mpangilio hauvurugiki? Na ni lazima kuzungusha?” (mwandishi wa programu za AMCOS, chama cha ushirika wa wakulima, Moshi)

Hauvurugiki. Katika mti huu wa kutafutia, namba ndogo hukaa kushoto na kubwa kulia, na kimo ni idadi ya ngazi. Chukua mti wenye mzizi 40, kushoto kwake 20, kulia 60, na chini ya 20 kuna 10 na 30. Ingiza 5, itakaa chini ya 10. Sasa upande wa kushoto wa 40 una kimo cha 3, wa kulia cha 1. Tofauti ni 2, na mti wa AVL, uliotolewa na Adelson-Velsky na Landis mwaka 1962, hauruhusu tofauti izidi 1.

Unazungusha 40 kwenda kulia. 20 inapanda kuwa mzizi, 40 inashuka kuwa mtoto wake wa kulia. Nafasi hiyo ilikuwa na 30, kwa hiyo 30 inahamia kushoto kwa 40, nafasi iliyoachwa wazi na 20. Angalia sharti lake: kabla ilikuwa kubwa kuliko 20 na ndogo kuliko 40, na pale ilipohamia inadaiwa sharti hilo hilo. Ukiusoma mti kutoka kushoto kwenda kulia, kabla na baada, unapata 5, 10, 20, 30, 40, 60. Kimo kimeshuka kutoka 4 hadi 3. Kuzungusha kushoto ni hayo hayo, pande zikibadilishana.

```
def kimo(n):
    return n.kimo if n else 0

def zungusha_kulia(y):
    x = y.kushoto
    b = x.kulia
    x.kulia = y
    y.kushoto = b
    y.kimo = 1 + max(kimo(y.kushoto), kimo(y.kulia))
    x.kimo = 1 + max(kimo(x.kushoto), kimo(x.kulia))
    return x
```

Hapa `y` ni 40 na `x` ni 20. Kimo cha `y` lazima kihesabiwe kwanza, kwa sababu sasa `y` iko chini ya `x`. Ukigeuza mistari hiyo miwili, 20 itasoma kimo cha zamani cha 40, yaani 4, na kujiandikia 5 badala ya 3. Hitilafu hii haionekani ukichapisha namba kwa mpangilio, kwa sababu namba zote zipo. Hesabu vimo upya kutoka kwenye majani ndipo uvilinganishe na vilivyohifadhiwa. Kosa la pili huonekana mara moja: ukisahau kumpa mzazi kile kinachorudishwa na `return x`, mzizi unabaki 40, na ukichapisha unapata 30, 40, 60 tu.

Sasa upande usiopendeza. Rudi kwenye mti wa mwanzo, na badala ya 5 ingiza 35, itakayokaa chini ya 30. Tofauti kwenye 40 ni ile ile 2. Ukizungusha 40 kulia, 30 na 35 zinahamia chini ya 40 zikiwa kwenye kina kile kile. Kimo kinabaki 4, uzito umehamia kulia tu. Mzungusho mmoja hupandisha tawi la nje na kushusha la upande wa pili, ila tawi la kati halipandi wala halishuki. Kwa hiyo zungusha kwanza 20 kushoto, 30 ipande juu yake, ndipo uzungushe 40 kulia. Mzizi unakuwa 30, kushoto 20 yenye 10, kulia 40 yenye 35 na 60, kimo 3.

Je, gharama hiyo inalipa? Kwa stakabadhi zinazofuatana, mimi nasema ndiyo, bila kusita. Bila kuzungusha, kila namba mpya inakwenda kulia kabisa, na stakabadhi 1,000 zinakuwa mnyororo wa kimo cha 1,000. Mti wa AVL wenye namba 1,000 hauzidi kimo cha 14. Kuingiza namba moja hakuhitaji zaidi ya sehemu moja ya kurekebisha, kwa mzungusho mmoja au miwili. Kufuta ndiko kunakoweza kudai mizungusho ngazi baada ya ngazi hadi kwenye mzizi.

Lakini wanaopinga wana hoja nzito pale data isipobadilika. Kama orodha ya wanachama hupakiwa mara moja mwanzoni mwa msimu, ipange kwenye safu na utafute kwa kugawa nusu: kwa majina 1,000 hulinganishi zaidi ya mara 10, na hakuna kimo cha kutunza wala kiungo cha kukosea. Na namba zikiingia kwa mchanganyiko wa kubahatisha, hata mti wa kawaida kwa kawaida hubaki mfupi kiasi cha kutosha. Stakabadhi zenu haziko kwenye kundi lolote kati ya hayo: zinafuatana, na zinaendelea kuingia msimu mzima.