Usimwombe mtu awe menta wako, mwombe simu tatu za nusu saa

Miaka kadhaa nyuma nilimwandikia mkaguzi mmoja mzito sana kwenye fani yetu ya ukaguzi wa ndani, mtu ambaye ukimsikia anaongea unajiona kama hujasoma kabisa. Meseji yangu nilikaa nayo siku nne naifuta naiandika, mwisho ikatoka hivi: shikamoo mzee, nakufuatilia sana, napenda unavyofanya kazi, naomba uwe menta wangu. Akajibu ndani ya dakika kumi. "Marahaba, sawa kijana, karibu sana."

Nikafurahi kama mtoto. Halafu hakikutokea kitu. Mimi nilikuwa nasubiri anipangie, yeye nadhani alikuwa anasubiri niulize swali, wiki ikapita, mwezi ukapita, nikaona aibu kumwandikia tena kwa sababu ningemwambia nini sasa, "mbona hunimentii"? Basi ikafa hivyohivyo.

Nimekuja kuamini kwamba hiyo "karibu sana" ndiyo ajali ya kawaida kwenye hii ishu, kuliko hata kukataliwa. Watu wanaogopa kuambiwa hapana, na woga wenyewe mara nyingi tunauongeza chumvi. Kuna watafiti wawili, Francis Flynn na Vanessa Lake, mwaka 2008 walitoa utafiti ambao watu walitumwa kuomba watu wasiowajua wawajazie dodoso, na kabla ya kwenda waliulizwa wanadhani watahitaji kuwaomba wangapi ili wapate watano. Walikadiria kama 20. Walipoenda wakakuta wanahitaji karibu nusu yake tu. Ila angalia walichokuwa wanaomba: jaza hii karatasi, imeisha. Anayeombwa anaona mwanzo na mwisho wa kitu palepale aliposimama. Sasa wewe ukisema "naomba uwe menta wangu" mtu anaona nini? Haoni mwisho. Anaona simu za saa nne usiku, anaona siku unamwomba akuunganishe kazi, anaona siku atakayochoka na hajui atakwambiaje. Mtu mstaarabu hawezi kukwambia hapana usoni, kwa hiyo anakupa ndiyo ambayo haina tarehe ndani yake.

Mara ya pili nilibadilisha. Nilikuwa mwaka wa tatu kwenye ukaguzi wa ndani na tatizo langu lilikuwa moja kabisa, hoja zangu zilikuwa zinarudi. Yaani naandika hoja ya ukaguzi, maelezo ya kasoro niliyoikuta, inapanda kwa mkuu wa kitengo, inarudi imechorwa nyekundu "haijakaa sawa", bila maelezo. Kulikuwa na mama mmoja, mkaguzi mkuu kwenye taasisi nyingine, nilimsikia kwenye semina akieleza namna ya kuchagua sampuli, nikaona huyu anaeleza kama mwalimu. Nikamwandikia hivi, naiweka kama ilivyokuwa, nimetoa majina tu:

"Shikamoo mama, habari za majukumu. Mimi ni mkaguzi wa ndani mwaka wa tatu, nilikuwa kwenye semina uliyofundisha sampuli. Hoja zangu za ukaguzi zinarudishwa sana na nadhani tatizo liko kwenye kueleza chanzo. Naomba simu tatu za dakika 30, moja kila baada ya wiki tatu. Siku mbili kabla ya kila simu nitakutumia hoja moja, ukurasa mmoja, nimeshatoa jina la taasisi na kiasi cha fedha. Ukijumlisha na kusoma ni kama masaa mawili yako kwa wiki tisa. Baada ya simu ya tatu tunafunga. Kama ratiba hairuhusu nitaelewa kabisa."

Akajibu kesho yake: "Jumanne tu, saa moja na nusu asubuhi, kabla sijaingia ofisini. Na ukurasa ukichelewa hakuna simu."

Hicho ndicho ninachotaka mtu aone. Alipunguza, akabana, akaweka sheria yake, na mtu haanzi kujadiliana masharti ya kitu asichokuwa na nia nacho. Yule mzee wa kwanza hakuwa na cha kujadili kwa sababu sikumpa kitu, nilimpa cheo.

Sasa kwenye ile meseji hesabu ya masaa mawili ndiyo nilisita kuiweka, nikaona kama nahesabia watu muda wao. Lakini mama mwenyewe aliniambia baadaye hiyo ndiyo iliyomfanya ajibu, kwa sababu vijana wengi wanamwambia "dakika tano tu" na yeye anajua dakika tano za mtu mwenye shida ni saa nzima. Kwa hiyo hesabu yote, hata muda wa kusoma, usifiche. Wiki tatu katikati nayo siyo namba ya kubuni tu, kazi zetu ukishaambiwa "nenda kaulize upya" unahitaji muda wa kurudi kwa watu, kuwapata, na kuandika tena, ukipanga kila wiki utaenda kwenye simu ya pili na kitu kilekile na mtu ataona umempotezea asubuhi.

Simu ya kwanza ilikuwaje? Nilituma hoja ya malipo. Hoja kwa wasiofanya hii kazi ina vitu vitano: hali uliyoikuta, utaratibu unasemaje, chanzo, athari, na pendekezo. Yangu ilisema malipo 14 kati ya 40 tuliyoyapitia hayakuwa na sahihi ya muidhinishaji wa pili, na kwenye chanzo niliandika "uzembe wa watumishi wa uhasibu". Akasoma, kimya, halafu akasema, "Uzembe siyo chanzo mwanangu, hilo ni tusi. Hayo malipo 14 ni ya tarehe ngapi?" Sikuwa najua. Nilikuwa nimeyahesabu lakini sikuyapanga kwa tarehe. Akasema basi panga, halafu kamuulize mhasibu swali moja, wiki ile nani alikuwa anaidhinisha. Dakika 17 tulikuwa tumemaliza.

Nikaenda kupanga. Malipo yote 14 yalikuwa ndani ya wiki sita mfululizo, na wiki hizo muidhinishaji wa pili alikuwa amehamishwa na hakuna aliyekaimishwa kwa maandishi. Mhasibu alikuwa analipa kwa sababu asipolipa wazabuni wanasimama mlangoni. Pendekezo langu la kwanza lilikuwa "watumishi wapewe onyo", la pili likawa "kila uhamisho wa muidhinishaji uambatane na barua ya kukaimisha kabla hajakabidhi ofisi". Hiyo ya pili haikurudi. Na mimi kitu cha kupanga kwa tarehe kwanza sijawahi kukiacha tena, ni kitu kidogo mno lakini hakuna aliyekuwa ameniambia.

Unaona kwa nini ukurasa mmoja una kazi. Ningepiga simu mikono mitupu ningemuuliza "mama, nifanyeje niwe mkaguzi mzuri" na angenijibu soma sana, kuwa mwadilifu, na tungeagana wote tumeridhika na hakuna kilichobadilika. Swali pana linaleta jibu la kwenye mahafali. Na mwenzangu, ukitoa kazi ya ofisini kumwonyesha mtu wa nje, toa kila kitu kinachoitambulisha, na kama ikishatolewa haieleweki tena basi hiyo hoja haifai, chagua nyingine. Sisi wakaguzi tunaweza kufukuzwa kwa hilo na itakuwa halali kabisa.

Kuna wanaosema kitu kidogo ni mbinu tu, unaanza na kidogo ili akizoea umwombe kikubwa. Mimi hilo silipendi hata kidogo, na watu wazima wanalinusa. Ukisema tatu maanisha tatu. Ule mwisho ndio unaomfanya mtu akupe nguvu yake yote kwenye zile dakika 30, anajua hajafunga ndoa. Na unakulinda hata wewe, maana inawezekana simu ya kwanza ukagundua huyu mtu anapenda kusimulia enzi zake na hakuna unachopata, sasa bila mwisho ungemuachaje? Hapa unavumilia mbili zilizobaki, unashukuru, mnabaki marafiki.

Nani wa kumwomba nalo ni suala. Bosi wako anayekujazia fomu ya tathmini, hapana, kwa sababu hutamwonyesha hoja mbovu, utamwonyesha ile nzuri. Na mkubwa wa juu kabisa mara nyingi siyo sahihi kwa shida kama yangu, ameshasahau ilivyokuwa kuandika chanzo, yeye anaona mambo ya bodi. Mtu aliyekutangulia miaka mitano mpaka kumi hivi bado anakumbuka makosa yake yalikuwa wapi. Yule mama alikuwa amenitangulia zaidi ya hapo kidogo, ila alikuwa bado anapitia hoja za vijana wake kila wiki, hiyo ndiyo ilinisaidia.

Asipojibu, kumbushia mara moja baada ya siku kama kumi, sentensi mbili, halafu acha. Akijibu "karibu sana" bila siku, usikae kusubiri kama nilivyokaa mimi, rudisha hapohapo: "Asante mama, Jumanne ijayo au inayofuata, ipi inakufaa?" Akikwepa hilo pia, hiyo ni hapana ya kistaarabu, ipokee. Na akiahirisha simu ya kwanza mara mbili mimi ningempa nafasi ya kutoka, namwambia tu naona kipindi hiki kimebana, tuiache. Wengine hapo ndipo wanaona haya na kupanga siku kweli, lakini usiseme kwa ajili hiyo.

Kuna kitu simu tatu haziwezi, nisiwadanganye. Hazitakupa mtu wa kulitaja jina lako kwenye kikao usichokuwepo. Hilo mtu analitoa mwenyewe akishakuona unafanya kazi muda mrefu, na ukiliomba kwenye meseji unaharibu hata lile dogo.

Simu ya tatu ilipoisha tulifunga kweli. Sikuomba ya nne japo ulimi ulikuwa unawasha. Wiki mbili baadaye nikamwandikia shukrani, nikamweleza kwamba hoja tano nilizopeleka mwezi ule zilipita zote bila kurudi, na kwamba ni kwa sababu yake. Akajibu jioni: "Hongera. Ila hali umeitaja, chanzo umenisingizia mimi. Panga kwa tarehe utaona."